Siku Mtumishi Anaporudi Kazini: Wajibu wa Chama kwa Afya ya Akili ya Watumishi Wake

Chama cha ushirika ni mali ya wanachama wake, lakini kwa karani, mpima mizani na mlinzi wa ghala chama hicho ni mwajiri kama mwajiri mwingine ye yote. Makatibu wengi hufahamu vema wajibu wa chama iwapo mpagazi ataangukiwa na robota la pamba ghalani. Wajibu huo haubishaniwi, kwa kuwa mguu uliovunjika huonekana na kila mtu. Mabishano huanza pale karani anapoleta cheti cha daktari kinachosema kwamba anaugua kwa sababu ya msongo wa mawazo. Hapo baadhi ya wajumbe wa bodi hucheka, wengine hushuku kwamba kuna fedha zimepotea, na wengine humpa mapumziko kwa huruma, wakidhani kwamba kwa kufanya hivyo wamemaliza yote yaliyowapasa. Makala haya yanahusu hasa hao wa mwisho, kwa maana kosa lao ndilo gumu kuonekana.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili. Msongo wa mawazo ni hali impatayo mtu pale anapotakiwa kufanya zaidi ya uwezo, muda au mamlaka aliyo nayo. Kila karani huupata wakati wa msimu, na kwa kawaida humwondoka msimu unapokwisha. Uchovu uliokithiri wa kazi ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Alama zake ni tatu: mtu huishiwa nguvu kabisa, huichukia kazi yake au kujitenga nayo moyoni, na utendaji wake hushuka. Shirika hilo halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na kazi. Tofauti hiyo ina maana kwa katibu atunzaye majalada, kwa sababu likizo ya ugonjwa hutolewa kwa ajili ya ugonjwa. Mtu aliyefikia uchovu wa namna hiyo mara nyingi huangukia katika sonona au ugonjwa wa wasiwasi, na hayo ndiyo ambayo daktari huyaandika katika cheti chake.

Kesi iliyoonyesha wazi mahali wajibu wa mwajiri unapoanzia ilitokea Uingereza. Bwana John Walker aliajiriwa na halmashauri ya jimbo la Northumberland tangu mwaka 1970, akiwa afisa wa ustawi wa jamii katika eneo la Blyth Valley. Chini yake kulikuwa na vikundi vinne vya watumishi walioshughulikia, pamoja na mambo mengine, watoto walioteswa au kutupwa na wazazi wao. Kadiri miaka ilivyokwenda wakazi wa eneo hilo waliongezeka, na kesi za watoto ziliongezeka vivyo hivyo, lakini idadi ya watumishi haikwenda sambamba nazo. Bwana Walker hakunyamaza. Aliwaandikia wakubwa wake akiwaeleza kwamba kazi imezidi uwezo wa watu waliopo, akapendekeza pia namna ya kuigawa upya. Mapendekezo yake hayakukubaliwa.

Mwishoni mwa Novemba 1986 alianguka. Hakuweza kulala, aliumwa kichwa, alikuwa mwenye wasiwasi na machozi, akaishiwa nguvu. Alikaa nje ya kazi hadi Machi 1987. Kabla hajarudi alizungumza na mkuu wake, wakakubaliana kwamba atapewa afisa mwenye uzoefu wa kumsaidia. Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kusoma polepole. Msaidizi huyo alikuja kwa kudonoadonoa, na baada ya mwezi mmoja hivi hakuja tena. Wakati huo huo juu ya meza ya Bwana Walker kulikuwa na makaratasi yote yaliyorundikana tangu alipougua, na kuyamaliza kulimchukua hadi mwezi wa Mei. Kesi mpya za watoto nazo hazikungoja. Kwa maneno mengine, mtu aliyeangushwa na mzigo alipumzishwa miezi mitatu, kisha akarudishwa chini ya mzigo ule ule, ukiwa umeongezwa mzigo wa miezi mitatu aliyokuwa amelala. Mwezi wa Septemba 1987 alianguka mara ya pili, na safari hii hakuinuka tena kwa kazi ile. Februari 1988 aliachishwa kwa sababu ya maradhi ya kudumu.

Hukumu ilitolewa na Jaji Colman mwezi wa Novemba 1994. Juu ya anguko la kwanza, mwajiri hakuonekana kuwa na hatia. Wakubwa walijua kwamba kazi ni nzito, lakini hapakuwa na dalili ya kuwafanya watambue kwamba afisa huyu yuko katika hatari ya kuugua akili kuliko maafisa wengine wenye kazi kama yake. Juu ya anguko la pili, mwajiri alipatikana na hatia ya uzembe. Baada ya Novemba 1986 hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujua. Halmashauri ilijitetea kwamba fedha zilikuwa haba, na jaji hakulipuuza jambo hilo; uwezo wa mwajiri hupimwa katika kuamua lipi lilikuwa la busara kufanywa. Lakini uhaba wa fedha haukutosha kumfanya mwajiri amrudishe mtu pale pale alipoangukia bila msaada aliomwahidi. Mwaka 1996, kabla rufani haijaamuliwa, pande mbili zilipatana, na Bwana Walker akalipwa pauni 175,000.

Kwa hiyo jambo lililomtia mwajiri hatiani si kwamba mtumishi aliugua, wala si kwamba alinyimwa likizo. Likizo alipata. Kilichomtia hatiani ni yale yaliyofanyika, au yasiyofanyika, kuanzia siku mtumishi aliporudi.

Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo, katika hukumu ya mwaka 2002 iliyounganisha rufani nne, ilieleza mipaka ya wajibu huu, na haki inataka mipaka hiyo nayo itajwe. Hakuna kazi ambayo kwa asili yake huhesabiwa kuwa ni ya kuugua akili. Mwajiri anaruhusiwa kudhani kwamba mtumishi anaweza kustahimili matatizo ya kawaida ya kazi yake, isipokuwa ameonyeshwa vinginevyo. Hatakiwi kupeleleza maisha ya mtu. Aambiwalo na mtumishi anaweza kulichukua kama lilivyo, na mtumishi anayerudi kutoka katika ugonjwa bila kusema neno lo lote huhesabiwa kuwa anajiona mzima. Makarani wanaosoma makala haya wayashike maneno hayo. Kunung'unika nyuma ya mizani hakumpi mwajiri taarifa. Barua kwa katibu humpa.

Hata hivyo mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilionyesha kwamba mipaka hiyo haimpi mwajiri ruhusa ya kufumba macho. Mmoja wa watu wa zile kesi nne alikuwa mwalimu wa hisabati wa Somerset, ambaye alikuwa akifanya kazi zaidi ya saa sitini kwa juma. Alikosa kazini majuma matatu mwaka 1996, na vyeti vya daktari vilitaja msongo na sonona. Aliporudi aliwaeleza viongozi wa shule hali yake, lakini hakusaidiwa. Miezi michache baadaye alishindwa kujizuia darasani na hakuweza kufundisha tena. Mahakama iliona kwamba viongozi hao, angalau, walipaswa kumwuliza hali yake, kumpunguzia kidogo, na kuendelea kumwangalia. Hayo hayakuhitaji fedha nyingi.

Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama za Tanzania. Lakini sheria ya madhara katika nchi yetu ilitokana na chimbuko hilo hilo, na hukumu za namna hiyo huweza kurejewa kwa ushawishi. Aidha, yapo mambo ambayo sheria zetu wenyewe zimekwisha kuyaweka wazi, na njia nzuri ya kuyaona ni kuyapima kwa mfano.

Tuchukue chama cha msingi cha pamba chenye karani mmoja. Mfano huu umebuniwa, ila makatibu wengi watauona haukubuniwa kwa mbali. Msimu umefunguliwa mwezi wa Mei. Karani hufungua ghala saa 12 asubuhi, hupima, huandika stakabadhi, na baada ya wakulima kuondoka hulinganisha stakabadhi na daftari hadi saa 2 usiku. Akitoa saa moja ya chakula, hufanya kazi saa 13 kwa siku, na kwa siku sita ni saa 78. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada zisizozidi 50 katika majuma manne, yaani wastani wa saa 12 na nusu kwa juma. Jumla yake ni saa 57 na nusu. Karani wetu amepita kwa saa 20 na nusu kila juma. Tena sheria inataka apumzike saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, naye hupata 10. Chama hicho kimevunja sheria kabla mtu ye yote hajaugua, na daftari la mahudhurio lenyewe ndilo shahidi. Ieleweke kwamba mipaka hii ya saa haimhusu mtumishi aliye katika ngazi ya kuwasimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa hiyo meneja hawezi kulindwa na hesabu ya saa, na bodi haina budi kumwangalia kwa njia nyingine. Bwana Walker naye alikuwa msimamizi.

Mwezi wa Julai mambo huanza kuonekana katika vitabu. Karani aliyekuwa akifunga daftari kila jioni sasa analifunga kila baada ya siku nne. Jumla za kurasa hazikubaliani, na makosa ni ya kipuuzi: tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, stakabadhi moja imeandikwa mara mbili. Anawafokea wakulima aliokuwa akiwatania. Anafika mapema kuliko zamani na kuondoka akiwa amechelewa zaidi, lakini kazi inayofanyika ni ndogo. Mkaguzi anapokuta daftari la namna hiyo, fikra ya kwanza ni wizi, na hana budi kuichunguza. Ugonjwa haufuti wajibu wa kuhesabu fedha. Lakini mara nyingi wizi huwa na mpangilio. Makosa yake huelekea upande mmoja. Makosa ya mtu aliyechoka huelekea pande zote, na nusu yake humwumiza yeye mwenyewe. Na hapa pana jambo ambalo ukaguzi na afya vinakubaliana: karani asiyechukua likizo yake ya mwaka kamwe hastahili kusifiwa katika mkutano mkuu. Likizo hiyo ni siku 28 mfululizo kwa sheria, na mtu mwingine anaposhika vitabu vyake kwa siku hizo, chama kinajua kama vitabu ni safi, na mwenye vitabu anapata kulala.

Agosti karani anakwenda hospitali ya wilaya, na daktari anamwandikia mapumziko ya siku 45 kwa sababu ya sonona. Sheria yetu haina likizo yenye jina la likizo ya afya ya akili, wala haihitaji kuwa nayo, kwa kuwa likizo ya ugonjwa haikutenganisha mwili na akili. Mtumishi anastahili siku 126 za likizo hiyo katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari aliyesajiliwa. Karani wetu mwaka uliopita, ndani ya mzunguko huo huo, alitumia siku 40 alipovunjika mkono. Basi zimemsalia siku 23 za mshahara kamili, na siku 22 zilizobaki katika cheti chake atalipwa nusu. Katibu amweleze hesabu hiyo kwa maandishi siku ile ile ya kupokea cheti. Mtu asiyeweza kulala kwa mawazo asiachiwe kugundua upungufu wa mshahara wake mwisho wa mwezi.

Cheti hicho ni siri ya jalada. Kwa bodi inatosha kusema kwamba karani ni mgonjwa, atakuwa nje siku 45, na nani atashika kazi yake. Jina la ugonjwa likisomwa kikaoni, kesho yake watu watasema gengeni kwamba karani wa chama ni wa kupelekwa Mirembe, na anayesemwa hivyo atarudi kazini upesi kabla hajapona ili kuwaonyesha kwamba si mwendawazimu. Kurudi kwa namna hiyo ndiko hutangulia anguko la pili.

Sasa tufike siku 45 zinapokwisha. Katika vyama vingi yatakayotokea yanatabirika. Funguo zimekaa kwa katibu, stakabadhi za majuma sita zimefungwa katika gunia, na siku ya kwanza karani anakabidhiwa gunia na kuambiwa kwamba wakulima wanasubiri hesabu zao. Wote waliopo wanamfurahia kwa dhati. Ndicho kilichompata Bwana Walker.

Bodi iliyo makini hulimaliza gunia hilo kabla. Iwapo chama hakina mtu wa pili ajuaye vitabu, kiombe chama kikuu kiazime karani kwa majuma mawili, au kimlipe kibarua aliyemaliza sekondari ili apange stakabadhi kwa tarehe na kuzijumlisha, huku katibu akihakiki. Gharama yake ni ndogo, na ingawa bodi italalamika kwamba haikuwa katika makisio, hasara ya vitabu vilivyofungwa na mgonjwa haimo katika makisio pia.

Kisha katibu aketi na karani faraghani siku moja au mbili kabla hajaanza, amwulize mambo mawili bila kuzunguka: daktari amesema nini kuhusu kazi, na ni sehemu gani ya kazi iliyomshinda kabla ya kuugua. Jibu la swali la pili mara nyingi hushangaza. Huenda si wingi wa pamba. Huenda ni kwamba kila jioni wajumbe watatu tofauti humpa maagizo matatu yanayopingana juu ya nani alipwe kwanza. Msaidizi hataondoa tatizo hilo. Litaondolewa na azimio la bodi kwamba karani atapokea maagizo kwa mtu mmoja tu.

Makubaliano yao yaandikwe katika karatasi moja: karani ataanza kwa saa ngapi kwa siku na hadi lini, nani atamsaidia kwenye mizani, nani mwenye mamlaka ya kumwondoa msaidizi huyo. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Msaidizi wa Northumberland hakuondolewa kwa chuki. Alihitajiwa mahali pengine, na hakuna aliyezuiwa kumchukua. Ikiandikwa kwamba msaidizi haondoki kabla ya tarehe fulani ila kwa katibu kuzungumza kwanza na karani, basi mwenyekiti mwenye gari la pamba la kupakia hatamchukua hivi hivi. Karatasi itaje pia siku za kukutana tena, kwa mfano baada ya majuma mawili na baada ya mwezi, na siku hizo zitimizwe hata kama karani anaonekana mzima. Karani naye aweke sahihi yake, ili asije akasema kwamba hakuulizwa, wala chama kisije kikasema kwamba hakuambiwa.

Yawezekana pamoja na yote hayo mtumishi asipone kiasi cha kuirudia kazi yake. Hapo chama hakiruhusiwi kumwachisha kwa barua moja tu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atazame chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama mtumishi anaweza kupewa kazi nyingine au kupunguziwa ile aliyo nayo. Tena mtumishi asikilizwe, naye anaweza kuja na mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Na pale ugonjwa unapotokana na kazi yenyewe, mwajiri hutakiwa kwenda mbali zaidi katika kumtafutia nafasi. Ndipo ile karatasi moja, pamoja na daftari la mahudhurio, vitakapofunguliwa mezani mbele ya msuluhishi, na kila mmoja ataona ni saa ngapi karani alifanya kazi, aliomba nini, na alipewa nini.